Mwondoe Huyo wa Nyuma, Bibi Harusi Usimguse

Haya ndiyo niliyoyasema Jumamosi asubuhi Sinza, kwenye kikao chetu cha wapiga picha wa harusi na shughuli. Wengi mlikuwa kazini, maana Jumamosi ndiyo siku yetu ya mavuno, mkaomba niyaandike. Nimeyaweka kama nilivyoyatamka. Picha zilizokuwa zikioneshwa ukutani nimezieleza kwa maneno.

Shikamooni wazee wangu. Kaka zangu na dada zangu, habari za asubuhi. Naona wengine mmekuja na mabegi ya kamera kabisa, mkitoka hapa mnapitiliza kwenye kazi. Sitawachelewesha.

Naomba nianze na kiti. Kiti cha plastiki, cheupe, hivi tunavyokodi kwa mamia kwenye kila shughuli ya mji huu. Nilikuwa Temeke, kwenye sherehe ya kumuaga binti. Bibi yake alikuwa amekaa mkekani, amejitanda kanga mpya, mwanga wa dirishani unampiga shavuni. Nikabonyeza. Picha nzuri mno. Ila nyuma yake, juu kidogo ya bega la kushoto, kuna kiti kitupu kimemkodolea macho mtazamaji.

Nikarudi nyumbani, nikafungua kifaa cha akili mnemba, nikaandika maneno matano: "Ondoa kiti, picha iwe safi." Kiti kikaondoka. Ukuta ukajaa vizuri. Nikachapa kubwa, nikaweka fremu, nikapeleka Temeke mwenyewe.

Bibi akaishika picha, akaitazama kimya kwa muda. Kisha akaniuliza: "Mwanangu, kanga yangu umeipeleka wapi?"

Jamani, kanga ile ilikuwa na jina lake: WEMA HAUOZI. Alikuwa ameichagua kwa ajili ya siku ile, alikuwa anamwachia mjukuu wake maneno. Kwenye picha niliyompelekea, WEMA lilikuwa limebaki. Neno la pili lilikuwa vijiti: H imegandana na A, Z imekuwa kama tarakimu ya mbili, na I ya mwisho haipo. Zile korosho za kwenye pindo zilikuwa zimegeuka mayai. Mimi niliyepiga picha sikuliona hilo. Nilikuwa natazama pale kilipokuwa kiti.

Sasa nawauliza: kiti kilikuwa nyuma ya bega, kanga iko mapajani na kifuani. Kwa nini kanga ikaharibika?

Tukilielewa jibu la swali hilo, mengine yote ya leo yatakuja yenyewe.

Wengi wetu tunaifikiria kazi hii kama kubandua stika. Unaibandua, unapaka pale palipobaki wazi, basi. Zamani ilikaribia kuwa hivyo. Photoshop ilipoleta Content-Aware Fill mwaka 2010, kompyuta ilikuwa ikichukua viraka kutoka kwenye picha hiyohiyo na kuvishonea kwenye tundu ulilolichora. Nje ya tundu, hakuna kilichoguswa. Kazi ilikuwa ya fundi cherehani.

Vifaa hivi vya kuandikiwa agizo, hii prompti tunayoisema, havishoni viraka. Vinaitazama picha yako, vinasoma maneno yako, halafu vinachora picha nyingine nzima inayofanana na yako. Nzima, ndugu zangu. Hata ule uso usioutaja umechorwa upya. Hata kanga imechorwa upya. Ikifanana sana, tunadhani haikuguswa.

Na kabla ya kuchora, picha hubanwa. Chukueni mifumo ya ukoo wa Stable Diffusion iliyotoka mwaka 2022, kwa sababu utendaji wake uko wazi. Kila mraba wa pikseli 8 kwa 8 unabanwa kuwa chembe moja. Pikseli 64, kila moja ikiwa na namba tatu za rangi, ni namba 192. Zinabaki namba 4. Mifumo mingine inabana kwa vipimo vingine, lakini jambo ni lilelile: kitu kidogo kinapita kwenye tundu la sindano, na kikitoka upande wa pili kinatoka kwa kukisiwa.

Turudi kwa bibi. Kamera yangu inatoa picha ya pikseli 6000 kwa 4000. Herufi ya kanga yake ilikuwa na urefu wa pikseli 48 hivi, inasomeka bila taabu. Kile kifaa kilinirudishia picha ya pikseli 1248 kwa 832. Vifaa vingi vya aina hii vinarudisha kiasi hicho, pikseli milioni moja hivi. Herufi ya 48 ikawa ya 10. Ya 10, ukiibana kwa 8, ni chembe moja na kidogo. Mnategemea Z ikae kwenye chembe moja? Haikai. Kifaa kinajua pale pana maandishi ya kanga, kinachora kitu kinachofanana na maandishi ya kanga. Na vivyo hivyo kidoti cha shavuni, hina ya vidoleni, chale, pengo la meno, mshono wa gauni. Yale madogo yanayomfanya mtu awe yeye ndiyo yanayopotea kwanza.

Halafu kuna yale maneno yangu, "picha iwe safi." Nayaomba msiyaandike tena. Ukisema safi, ukisema nzuri, ukisema ya kitaalamu, umekifungulia kifaa mlango wa kutengeneza kila kitu. Kinalainisha ngozi. Kinaongeza mwanga. Na mimi nimeona, zaidi ya mara moja, kinamng'arisha mtu mweusi akawa maji ya kunde. Hilo linaniumiza. Mteja hakuomba rangi nyingine. Aliomba kiti kiondoke.

Basi agizo linaandikwaje? Twendeni Coco.

Picha hii ni ya saa kumi na moja na nusu jioni. Bibi harusi na bwana harusi wamesimama kwenye mchanga uliolowa, nyuma yao bahari. Upepo umeibeba shela ikaenda kushoto mwa picha, imetanuka kama tanga. Na hapo kushoto, hatua chache nyuma yao, amesimama kijana wa fulana nyekundu na simu mkononi. Nusu ya mwili wake iko wazi. Nusu nyingine inaonekana kupitia shela. Nimeichagua picha hii kwa sababu ina kila aina ya ugumu.

Jambo la kwanza ni kumtaja anayeondoka, na hapa Kiswahili chetu kinahitaji uangalifu. Mwenzetu mmoja, yuko hapa na ameniruhusu nilisimulie, aliandika: "Mwondoe wa kulia." Akaondoka mpambe. Kwa nini? Kwa sababu kulia kwa nani? Kulia kwa bibi harusi anayekutazama ni kushoto kwa picha. Na ile -mw- ya "mwondoe" inambeba mtu yeyote: mwanamume, mwanamke, mtoto, mpambe. Wewe unajua unamkusudia nani kwa sababu unamwona na kidole chako kinamwelekeza. Maneno hayana kidole. Hata "aliye nyuma" lina utata, nyuma ya nani, na mkiwa na watu sita kwenye picha kila mtu ana wa nyuma yake.

Kwa hiyo pima kutoka kwenye ukingo wa picha, usipime kutoka mwilini mwa mtu. Taja nguo na rangi yake. Taja anachofanya. Halafu sema nani wanabaki na ni wangapi. "Wanabaki watu wawili tu, bibi harusi na bwana harusi" ni sentensi fupi, lakini imeniokolea kazi nyingi.

Jambo la pili ni lile linaloambatana na anayeondoka. Hapa ndipo wengi tunapokwama, niruhusuni nikae kidogo.

Nilipiga picha ya mahafali pale Mlimani. Binti amevaa joho, ameshika kofia, na nyuma yake anapita bwana mmoja na mwavuli. Safari hii sikutumia kifaa cha kuchora picha nzima. Nilitumia kile cha maski, ambacho unapaka kwa brashi mahali unapotaka pabadilike na kwingine kunaachwa. Nikampaka yule bwana kwa uangalifu mkubwa, ukingo kwa ukingo, nisipoteze hata nywele. Nikabonyeza. Bwana wa mwavuli akaondoka, akaja bwana mwingine. Nikarudia, ikaja nguzo. Nikarudia, akaja mama na mkoba.

Mnaelewa kilichotokea? Kivuli chake nilikiacha. Kilikuwa kimelala kwenye lami, kirefu, kimeanzia miguuni. Kifaa kinatazama kandokando ya tundu, kinaona kivuli cha kitu kilichosimama, kinajiuliza ni nini kimesimama hapa, kisha kinakichora. Kilikuwa kinafanya kazi yake sawasawa. Mimi ndiye niliyekiachia ushahidi. Nilipopaka kivuli pia, na kutoka nje ya ukingo wa mwili kwa pikseli 20 hadi 30, lami ikarudi mara ya kwanza.

Kwa hiyo kila mkipata mtu mpya mahali pa yule mliyemfuta, msilaumu maneno kwanza. Tafuteni masalia. Kisigino kilichobaki. Kivuli. Taswira kwenye kioo cha gari au dirisha la duka. Mkono wake kwenye bega la mtu anayebaki.

Sasa mtazameni kijana wetu wa Coco. Jua la jioni liko nyuma ya mpiga picha, upande wa nchi kavu, kwa hiyo kivuli chake kimeangukia upande wa bahari, kinaenda mbali na sisi. Lakini mchanga umelowa, unang'aa kama kioo, na taswira yake imelala kuja upande wetu. Mnaiona ile doa nyekundu kwenye mchanga, chini ya miguu yake? Ana vitu viwili, vinaenda pande mbili tofauti. Ukitaja kivuli peke yake, taswira nyekundu inabaki, na mteja ataiona hata kama hataweza kusema ni nini kinachomsumbua.

Jambo la tatu ni kusema nini kinakuja mahali pake. Ukiondoa bila kusema kinachojaza, umemwachia kifaa achague, na chaguo lake ni kile alichokiona mara nyingi ufukweni: mwavuli, mnazi, mtumbwi. Tazama kulia na kushoto kwa unayemwondoa, uyaandike unayoyaona kwa mpangilio wake. Hapa kuanzia chini ni mchanga uliolowa, kisha povu la wimbi, kisha maji, kisha upeo, kisha anga. Na upeo wa bahari utajeni kwa jina lake. Mstari ule ukipanda hata pikseli chache baada ya kupita kwenye tundu, jicho linaukamata mara moja.

Halafu shela. Shela ni wavu, na nyuma ya wavu kuna fulana nyekundu, kwa hiyo wavu wenyewe umeingia wekundu. Ukisema tu "mwondoe," kifaa kinaweza kufanya moja ya mawili. Kinaweza kumwondoa pamoja na kipande cha shela, kwa sababu kwake wavu na mtu ni kitu kimoja. Au kinaacha alama ya waridi kwenye shela, kama imemwagikiwa soda. Lazima ukiambie kifaa kuwa shela inabaki, na nyuma ya shela sasa kuna bahari.

Agizo lenyewe nililoliandika ni hili:

```
Mwondoe kabisa mwanamume aliyevaa fulana nyekundu na kushika simu, anayesimama karibu na ukingo wa kushoto wa picha. Ondoa pia kivuli chake, taswira yake kwenye mchanga uliolowa, na sehemu ya mwili wake inayoonekana kupitia shela.
Mahali pake endeleza mchanga uliolowa, povu la wimbi, bahari na anga, kama vilivyo kulia na kushoto kwake. Mstari wa upeo ubaki umenyooka, mahali palepale.
Shela ibaki na umbo, mikunjo na ukingo wake uleule; ndani yake ionekane bahari, bila wekundu.
Mwanga, rangi, ukubwa na mpangilio wa picha visibadilike.
```

Naona mnahesabu. Mnajiuliza bibi harusi yuko wapi, uso wake mbona sikuutaja. Nitafika huko.

Kwanza niwatahadharishe juu ya kile kifaa cha maski, kwa sababu chenyewe hakisomi hivi. Vifaa vya kuandikiwa agizo kama hili vinaelewa neno "ondoa." Vingi vya maski havielewi kuondoa, vinasoma maneno yako kama maelezo ya kitakachoonekana ndani ya tundu. Ukikiandikia "asiwepo mtu mwenye fulana nyekundu," kinalipata neno mtu, kinaipata fulana nyekundu, na ile "asiwepo" kinaipita. Unaletewa mtu mwenye fulana nyekundu. Huko andika kinachotakiwa kuwepo tu: mchanga uliolowa, povu la wimbi, bahari tulivu, mwanga wa jioni. Na vile vidogo vinavyowekwa kwenye kompyuta yako mwenyewe, vingi vimefundishwa kwa maelezo ya Kiingereza, Kiswahili vinakipapasa. Jaribuni kwa neno moja kabla ya kuandika aya nzima.

Sasa bibi harusi. Uso wake sikuutaja kwa sababu sikuupeleka.

Sikilizeni hapa, wazee wangu, maana hapa ndipo nilipofikishwa na swali la bibi wa Temeke. Nimeandika "usibadilishe uso" mara nyingi sana. Inasaidia. Kifaa kinajitahidi kuutunza. Lakini tumeona kwamba hata kinachotunzwa kinapita kwenye lile tundu la sindano na kuchorwa upya. Neno haliwezi kuzuia hesabu ya namba 192 kuwa 4. Ukitaka uso usiguswe, usiutume.

Kwa hiyo picha ya pikseli 6000 kwa 4000 sikuituma. Kijana, ukijumlisha na taswira yake mchangani, alikuwa na upana wa pikseli 300 hivi na urefu wa 900. Nilikata kipande cha mraba, 1200 kwa 1200, yeye akiwa ndani na pande zake zote mbili kuna mchanga na bahari ya kutosha kukifundisha kifaa kinachoendelea. Shela iliingia. Bega la bibi harusi halikuingia. Nilihakikisha upeo unakatiza kipande chote, kutoka ukingo hadi ukingo. Kipande hicho ndicho nilichokituma, na agizo lile, ila pale penye "karibu na ukingo wa kushoto wa picha" niliandika "katikati ya picha," maana kwenye kipande ndipo alipo. Na kwa kuwa kipande ni kidogo, kilirudi bila kupunguzwa sana, nyuzi za shela zikabaki nyuzi.

Kinaporudi hakibandikwi kilivyo. Kiweke kama leya juu ya picha ya asili, mahali kilipotoka. Kilinganishe: vingine vinarudi vimesogea pikseli mbili tatu, vingine vimekatwa pembeni, na upeo ndio utakaokuambia. Kisha weka maski nyeusi juu ya leya nzima, na kwa brashi laini nyeupe fungua pale alipokuwa kijana tu, kivuli chake, taswira yake, na ule wekundu wa kwenye shela. Kwingine kote ibaki picha uliyoipiga wewe.

Na mkijaribu mara ya pili, anzeni tena na kipande cha asili. Msikitume kile kilichokwisha kurudi. Kila safari ni kubanwa upya, na safari ya nne mchanga unakuwa kama nta.

Kukagua sasa. Mimi sikuiona kanga kwa sababu nilitazama mahali pamoja. Siku hizi siyaamini macho yangu peke yake. Weka matokeo juu ya picha ya asili, kwenye orodha ya namna za kuchanganya leya chagua Difference. Palipo sawa panakuwa peusi kabisa. Palipobadilika panang'aa. Asiyetumia Photoshop, na mwenye ImageMagick kwenye kompyuta, anaandika mstari mmoja, picha zote mbili zikiwa na ukubwa uleule:

```
magick asili.png mpya.png -compose difference -composite -auto-level tofauti.png
```

Ile `-auto-level` inainua mwanga, mabadiliko yaliyojificha yatoke. Mnatafuta nini? Umbo la mtu mmoja likiwaka, na giza kwingine kote. Picha ya bibi wa Temeke nilipoipitisha humo, baada ya kuirudisha kwenye ukubwa wake, ilikuwa inawaka yote. Jicho, mkono, kanga, mkeka. Kiti ndicho sehemu ndogo kuliko zote ya kilichobadilika. Nilikaa mbele ya kompyuta ile nikanyamaza.

Halafu kuzeni hadi asilimia 100 mtazame mchanga uliojazwa na mchanga wa kweli uliopakana nao. Picha ya kamera ina chenga zake, hasa jioni tukipandisha ISO. Kinachochorwa hutoka laini mno. Ongezeni chenga kidogo kwenye ile leya hadi mpaka usionekane. Ni kazi ya dakika mbili, na ndiyo inayosahaulika kuliko zote.

Kuna mahali hapa njia inaishia, nisiwafiche. Pale shela ilipomfunika kijana, ule urembo wa ukingo uliochorwa ni wa kubuni. Unafanana na wa kweli lakini siyo ule fundi alioutarizi. Kwa bahati nilikuwa nimepiga fremu saba mfululizo, na ya tano upepo ulikuwa umeilaza shela, kijana yuko wazi kabisa. Ukingo wa shela niliutoa kwenye fremu hiyo. Kwa hiyo kabla ya kuandika agizo lolote, pitieni fremu za jirani. Na kama mko ufukweni na tripodi, wakiondoka maharusi ngojeni mpita njia apite, mpige fremu moja tupu. Hicho ni kiraka cha kweli ambacho hakuna kifaa kitakachokupa.

Kaka yangu pale nyuma ameinua mkono, anauliza picha za magazeti. Swali zuri. Haya yote ninayosema ni kwa maharusi, mahafali, familia, ambako mteja mwenyewe ameomba na anajua. Picha ya habari usiiguse hivi. Mwaka 2010 shindano la World Press Photo lilimwondoa Stepan Rudik baada ya kumpa tuzo. Alikuwa amekata picha pembeni na kuigeuza kuwa nyeusi na nyeupe, hayo yakakubaliwa. Kilichomtoa ni kipande kidogo cha mguu wa mtu kilichokuwa nyuma, ambacho alikifuta. Kwenye habari, yule wa nyuma alikuwepo, na kuwepo kwake ni sehemu ya ulichokishuhudia.

Na bibi wa Temeke? Nilirudi kwenye faili la asili. Nikakata kipande cha ukuta na kiti peke yake, bega lake likiwa nje. Agizo lilikuwa fupi: ondoa kiti cheupe cha plastiki na kivuli chake ukutani, endeleza ukuta wa bluu na ufa wake. Ndiyo, ufa niliutaja. Nyumba ni yake na ufa anaujua. Nikabandika, nikakagua kwa Difference, likawaka umbo la kiti na kivuli chake, basi. Nikachapa upya kwa gharama yangu, nikapanda daladala na fremu mapajani.

Akaipokea, safari hii hakutazama uso wake. Aliweka kidole kwenye kanga, akakipitisha herufi kwa herufi, hadi kwenye I ya mwisho.

Haya, toeni kompyuta mezani. Kila mmoja afungue picha moja yenye mtu asiyehusika, na kabla ya kuandika chochote, amwoneshe jirani yake kivuli cha huyo mtu kiko wapi.